Mchango wa Milio

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili usije ukangoja nikupeleke mbali. Tangu nimalize kidato cha nne nimeishi Free Area, hapa Nakuru, nyumba ile ile, mlango ule ule unaokwaruza sakafu, na kazi niliyonayo niliichagua kwa sababu nikitoka getini jioni nafika kwangu kabla jirani hajaanza kukaanga vitunguu. Wenzangu wanajua. Saa ya kutoka ikikaribia, dereva wa foklifti hunipigia honi na kusema, "Mzee wa nyumbani, kiti chako kinalia huko." Na kweli huwa nakisikia.

Basi ni kichekesho kidogo kwamba mtu ninayemkumbuka kuliko wote kutoka godauni letu ni mama mmoja ambaye hakutaka kabisa kwenda kwake.

Godauni letu ni la pembejeo za kilimo, si kubwa si ndogo: stoo mbili zinazotazamana, uwanja wa vumbi katikati, na mlango mpana wa malori. Mbegu za mahindi, mbolea, dawa za magugu kwenye mitungi ya plastiki, dawa za kuogesha ng'ombe kwenye makopo ya bati, chumvi ya mifugo. Wenye agrovet, maduka ya mkulima na mfugaji, wa Subukia, Njoro na kwingine huja kuchukua kwetu. Mama huyu alikuwa karani wa mlangoni. Kila kilichoingia na kila kilichotoka kilipita mbele yake, naye alikuwa na namna yake ya kuhesabu: mpakizi akipita na gunia begani, yeye analigusa kwa kiganja na kutaja hesabu kwa sauti ya kuvuta, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mpakizi naye lazima ajibu, "Imepita." Asipojibu, hatoki. Wapakizi waliizoea sauti ile mpaka wakawa wanatembea kwa kuifuata, na siku akiwa na mafua kazi nzima ilichechemea.

Alikuwa wa familia za Kiislamu za mjini, za Bondeni, ambazo babu zao walikuja kutoka pwani zamani na hawakurudi, ila lugha yao haikuharibika sana njiani. Yetu aliiita Kiswahili cha kubomolea nyumba.

"Mathe, mzigo umekam," dereva wa foklifti angesema.

"Mathe ndiye mnyama gani? Na huo mzigo umefanya nini?"

"Umefika, mama."

"Ahaa. Sasa umefika. Mwanzo ulikuwa umepotea."

Mumewe alikuwa amefariki. Binti mmoja yuko Mombasa, mwingine Eldoret, na kila mmoja alimwita akakae naye, akakataa, kwa sababu alisema kukaa kwa mtu ni kulala na viatu. Siku moja nilimuuliza mbona Jumapili, siku ya mapumziko, huwa anapita godauni kumsalimia askari wa getini. Mimi Jumapili hata dirishani sichungulii.

"Nyumbani kwangu kuna redio na paka," akaniambia. "Na paka mwenyewe ana kwao kwingine."

Alilisema kwa mzaha nami nikacheka. Nilichelewa kidogo kuelewa kuwa ilikuwa taarifa.

Mambo yalianza na mbegu. Loti ya mbegu iliyopitwa na tarehe ilitoka kwetu ikafika duka moja la Subukia, mwenye duka akaiona kwa bahati kabla hajamuuzia mkulima. Alitupigia simu akiwa mtulivu, jambo lililotutisha kuliko kama angetutukana. Mbegu mbovu si kama sukari mbovu. Mkulima anaipanda, anangoja, anatazama ardhi kila asubuhi, na akija kujua, mvua imeshaondoka. Meneja wetu, ambaye sote tulimwita madam, alikuwa ametokea kwenye jumba la kufungasha maua kule Naivasha, na huko, alisema, kila boksi lilijulikana lilizaliwa lini. Hakupiga kelele. Alisema tu kuhesabu kwa mdomo na karatasi kumefika mwisho, na kwamba tutachagua kati ya barkodi na zile tagi za redio, RFID. Akaunda kikao cha watu watatu: yeye, mhasibu, na mimi. Mimi niliingia kwa sababu ndimi niliyekuwa naingiza hesabu za stoo kwenye kompyuta, na pia, nadhani, kwa sababu sikuwahi kusafiri na hivyo ningepatikana.

Yule mama alinipata siku hiyo hiyo kwenye bomba la maji.

"Wewe umo kwenye kile kikao."

"Nimo, lakini mimi si mkubwa, mama."

"Najua wewe si mkubwa. Nani kakwambia mkubwa? Wewe wapenda kwako, au sivyo?"

"Sana."

"Basi mimi napenda hapa. Mkimaliza kuchagua mashine yenu, nikute bado niko mlangoni. Sina lingine."

Hakuwa na lingine kweli. Alifunga bomba akaenda zake.

Muuzaji wa tagi alikuja kutoka Nairobi kutuonyesha. Alichelewa kwa sababu lori lilikuwa limepinduka likalala barabarani pale Mai Mahiu, akashuka na viatu vilivyong'aa ambavyo uwanja wetu ulivimaliza kabla hajatusalimia wote. Alikuwa mtu mwema, hakutudanganya. Alibandika tagi, vikaratasi vyenye waya mwembamba wa kung'aa ndani yake, kwenye katoni za mbegu za safu moja. Kisha akashika kifaa kama pasi ya nguo yenye mpini, akatembea taratibu kando ya safu bila kugusa chochote. Katoni za mbele, za nyuma, za chini kabisa, zote zikaingia kwenye skrini. Alipofika mwisho wa safu alikuwa amemaliza. Hesabu hiyo sisi ilitutafuna asubuhi nzima, pamoja na chai.

"Hii haihitaji kuona kitu, boss," akamwambia mhasibu. "Yenyewe inasikia tu. Katoni inaitwa, inaitika."

Yule mama alikuwa amesimama nyuma yetu na ushungi wake, mikono kifuani. "Kwa hivyo hiyo ndiyo mimi," akasema.

"Ndiyo wewe, mathe," dereva wa foklifti akajibu, "ila hiyo haiombi chai ya saa nne."

Watu wakacheka, yeye pia. Halafu akaenda msalani akakaa huko muda ambao si wa msalani.

Baadaye tukazihamishia tagi kwenye vitu vingine, na hapo mzuka ukapungua. Mitungi ya dawa za magugu iliitika ya mbele tu, ya nyuma kimya. Muuzaji akaeleza kuwa maji hunyonya mawimbi. Makopo ya bati ndiyo kabisa. Bati huyarudisha mawimbi yalikotoka, na tagi iliyobandikwa juu yake inakuwa kama mtu anayepiga simu ndani ya sufuria. Kuna tagi maalumu za kubandika kwenye chuma, akasema, na alipotaja bei mhasibu wetu, mtu wa magharibi mwenye kicheko kikubwa, hakucheka. Tukajaribu pia antena za mlangoni. Lori lilipopita zikasoma mzigo wake vizuri, kisha zikasoma na katoni zilizokuwa zimekaa chini kando ya mlango zikisubiri lori lingine. Kwenye skrini zikawa zimeondoka, na hali tulikuwa tunaziegemea. Muuzaji akasema nguvu hupunguzwa, kinga huwekwa, eneo la mlango huachwa wazi. Yote yanawezekana. Yote yana ankara yake.

Kikao kilikuwa ofisini kwa madam, na mhasibu alikuwa na hesabu zake kwa lugha anayoielewa.

"Lebo ya barkodi," akasema, "ni bei ya peremende. Tena ya zile za kurudishiwa chenji. Tagi ya kawaida ni chapati. Tagi ya kwenye bati ni sahani ya wali na nyama, na soda. Sasa niambieni: kila kopo linalotoka hapa tulipe wali na nyama? Na tagi haitarudi, inaenda nayo Subukia ikaishie jalalani!"

"Na gharama ya makosa?" madam akamuuliza. "Loti moja ikipotea hivi tena, hiyo ni chapati ngapi?"

Mhasibu akarudi kwenye karatasi yake, maana lilikuwa swali la haki.

Madam akapendekeza tagi ziwekwe kwenye paleti tu, zile fremu za mbao tunazopangia mizigo, maana paleti zinarudi, gharama inagawanyika. Wakanitazama mimi. Nikasema paleti zetu hazitoki nzima. Mtu wa agrovet anachukua katoni mbili na mtungi mmoja, anasahau chumvi, anarudi. Tagi itajua paleti ilipo, haitajua imebaki na nini. Kisha nikasema na lile lisilonipendeza, kwamba kwenye mbegu redio ni bora. Skana ya barkodi huona kile tu unachokielekezea. Ukiruka katoni ya nyuma, hutajua umeiruka, na mbegu iliyopitwa na tarehe hupenda kujificha nyuma.

Ningetaka kukuambia nilisimama nikapiga meza kwa ajili ya yule mama. Mimi hata nyumbani sipigi meza. Nilitaja pande zote mbili kwa sauti ya mtu anayetazama saa, na mwishowe nikaongeza tu kwamba barkodi inahitaji mikono, na mikono tunayo tayari, imezoea, mmoja wake uko pale mlangoni tangu kabla yangu mimi. Madam aliandika kitu. Akaamua: barkodi kwa kila kitu, lebo zetu wenyewe zenye namba ya loti na tarehe, maana barkodi ya kiwandani husema hii ni mbegu gani lakini haisemi ni ya lini. Habari ya tagi kwa mbegu itaangaliwa mwaka mwingine.

Nilipotoka, mama alikuwa mlangoni anahesabu mbolea. Hakusimamisha hesabu. Alinitazama tu, nami nikaitikia kwa kichwa, na namba iliyofuata aliivuta ndefu kuliko zote mpaka mpakizi akauliza, "Mathe, niende ama nikae?"

Siku zile zilikuwa za furaha na naziacha hapa kidogo kabla sijaziharibu.

Skana zilikuja, na printa. Lebo za kwanza zilikuwa za ile karatasi ya joto isiyotumia wino, na zile za karibu na mlango jua lilizipausha zikawa nyeupe kabisa, ikabidi tununue printa ya utepe. Mhasibu akasema peremende imeanza kuwa chapati. Lakini kazi ilifanyika. Ukichukua loti isiyo yake, skana inaguna badala ya kulia, na huwezi kuendelea. Hakuna mbegu ya zamani iliyotoka tena. Madam alikuwa sahihi, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Isipokuwa barkodi lazima uifikie. Lebo ikiangalia ukutani, unazunguka au unageuza katoni. Ikiwa chini, unainama. Ikiwa na vumbi, unaifuta. Ikiwa chini ya nailoni ya kung'aa, unatafuta pembe. Yule mama aliifuta kila lebo kwa ncha ya ushungi, akavaa miwani, akalenga, skana ikalia, na akishamaliza yote hayo akakigusa kitu chenyewe kwa kiganja na kutaja namba yake. Alikuwa akihesabu mara mbili. Tulimwambia mlio ndio hesabu.

"Mlio wajua nini?" akasema. "Umeiona wapi katoni?"

Ungedhani nitakuambia kuwa safu zake zilikuwa safi kuliko za wenzake. Hapana. Alikosea kama sisi. Kidole chake kilikawia kwenye kitufe na kitu kimoja kikaingia mara mbili. Alikuwa tu polepole, na kabla ya skana hakuna aliyejua ni polepole kiasi gani, hata yeye. Maana kila mtu alikuwa na namba yake ya kuingilia kwenye skana, na kila mlio ulibaki kwenye mfumo na namba ya aliyeupiga. Kila Ijumaa ripoti ilitoka ubaoni: makarani watano, na milio ya kila mmoja. Madam alisema si ya kumtisha mtu, ni ya kujua kazi imelemea wapi. Nadhani alimaanisha. Lakini ubao ni ubao. Yeye alikuwa wa mwisho, na wiki iliyofuata wa mwisho, na hata aliyekuwa wa nne alikuwa mbali naye kama Nakuru na Gilgil. Alianza kupita pale ubaoni akitazama upande wa pili, kama mtu anayepita mlangoni kwa aliyemkosea.

Kisha Ramadhani ikaingia, na kuinama na koo kavu ni kazi nyingine. Madam akamwita, akamuuliza kwa upole kama hangependa kupumzika kidogo. Alitoka akaja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Kaniambia nipumzike nyumbani."

"Labda alimaanisha tu..."

"Wewe ukiambiwa hivyo wafurahi. Mimi huko nitapumzika mpaka lini?"

Sijui nani aliwaza la kwanza. Dereva wa foklifti husema ni yule karani wa stoo ya pili, karani husema ni dereva. Lakini sisi ni watu wa mchango. Mtoto akilazwa tunachanga, bibi akifa tunachanga, mtu akioa mara ya pili tunanung'unika halafu tunachanga. Kulikuwa na kikundi cha simu cha wafanyakazi ambacho kwa kweli kazi yake ilikuwa hiyo tu. Na kule, jioni moja, likatokea: mathe apigwe jeki. Kila mtu aingie kwenye skana kwa namba ya mathe, apige milio michache, atoke. Neno lake la siri lilijulikana. Maneno ya watu wote yalifanana, kwa sababu niliyaweka mimi siku ya kwanza na hakuna aliyejisumbua kuyabadili. Kwenye kikundi watu wakaanza kuandika ahadi zao kama kwenye harusi: huyu safu ya chumvi, yule mitungi miwili mitatu kila asubuhi. Mhasibu, ambaye hata skana hakuwa nayo, akaandika amina. Mimi nilitoa rafu nzima ya makopo, na nikaenda nyumbani nikijiona mtu mwema mno. Yeye hakuwa kwenye kikundi, simu yake ilikuwa ya vitufe.

Ijumaa ile alikuwa wa nne. Alisimama mbele ya ubao, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nimemshinda nani?"

"Umenishinda mimi, mathe," karani wa stoo ya pili akasema, na kweli alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa mkarimu kuliko wote na nusu ya milio yake aliitoa.

"Na bado nafunga!" akasema. Alitembea uwanjani siku hiyo kama ana sherehe. Sauti yake ya kuhesabu, ambayo ilikuwa imepungua, ikarudi mpaka wapakizi wakaanza tena kumjibu kwa mbali: imepita, imepita.

Ubaya wa mchango wetu ni kwamba hatujui kuchangia kidogo. Kila mmoja aliona wenzake wametoa, akaongeza. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza. Na hakuwa wa kwanza kwa mbinde. Aliwaacha wengine nyuma kabisa. Madam alifurahi sana. Akasema mbele yetu sote kwamba umri si kitu, kwamba angetaka kuona huyu mama anapangaje safari zake za stoo ili wengine wajifunze. Dereva wa foklifti alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Madam hakuwa na nia mbaya. Alifungua ripoti ile ndefu inayoonyesha kila mlio na saa yake, ajifunze. Akamkuta mama yuko stoo ya kwanza anapiga chumvi, na dakika hiyo hiyo yuko stoo ya pili anapiga mitungi. Akaendelea kushuka. Akafika siku ya Idd. Mvua zilikuwa zimeanza na msimu wa kupanda haujui sikukuu, tulifungua nusu siku. Mama alikuwa mjini kwenye swala na wenzake, alikuwa ameomba ruhusa wiki nzima kabla. Na hapo kwenye ripoti, asubuhi ya Idd, alikuwa amefanya kazi kuliko siku nyingine zote. Mtu alikuwa amempa zawadi ya sikukuu.

Madam alimwita mama nikiwepo, kwa sababu mfumo ulikuwa chini yangu. Alimwonyesha.

Mama aliisoma ile skrini taratibu, kidole kikifuata mstari. Nilingoja akasirike na madam. Aliponigeukia mimi ndipo nikajua alikuwa anasoma habari zetu, si za kazi.

"Hii siku nilikuwa naswali."

"Ndiyo, mama."

"Nani huyu, basi?"

"Ni sisi. Tulikuchangia."

Alivua miwani, akaikunja. Nje foklifti ilikuwa inarudi nyuma na kulia.

"Mchango hufanyiwa mgonjwa," akasema. "Na maiti. Mlikaa kikao cha nani?"

Madam akasema atafuta ripoti zile, kwamba hakuna atakayeadhibiwa, kwamba ubao hautakuwa na majina tena. Aliyasema yote hayo vizuri na aliyatimiza. Akamwambia mama mlango ni wake bado.

"Ahsante," mama akajibu. "Lakini wiki ile niliyokuwa wa nne, nilimwambia binti yangu. Nilimpigia simu Mombasa nikamwambia."

Alimaliza mwezi ule. Alihesabu bila kuimba. Tulimwendea mmoja mmoja kumwomba radhi, naye akamsamehe kila mmoja kwa adabu iliyotuuma, na mwisho wa mwezi akarudisha skana mezani kwangu, imefutwa vumbi, betri imejaa. Tukataka kumfanyia sherehe ya kuagwa. Kikundini mtu akaandika tuchange, na hakuna aliyejibu.

Nambari yake bado iko kwenye mfumo. Haifutiki, kwa sababu ukiifuta milio yake yote itakosa mwenyewe, hata ile isiyokuwa yake. Niliizima tu.

Mwaka huu madam amenunua kile kifaa cha tagi, kimoja, kwa stoo ya mbegu peke yake. Bei imeshuka kidogo, na mbegu ni katoni na karatasi, zinaitika vizuri. Kila kitu kingine bado ni barkodi. Kazi ya mbegu sasa ni kutembea kando ya safu polepole, wima, mkono mbele. Mara ya kwanza nilipoifanya nilifika mwisho wa safu nikageuka nyuma, kwa mazoea ya kutazama kama mama bado anakuja.

Jumamosi nilifanya jambo ambalo mke wangu aliniuliza kama nina homa: nilivaa koti nikaenda kumtembelea mtu. Mama alinifungulia mlango Bondeni, akanitazama juu mpaka chini.

"Umepotea njia ya kwenu?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Ingia, basi. Usimkalie paka."

Paka alikuwepo, na redio ilikuwa imewashwa pasipo mtu wa kuisikiliza. Alinipa chai ya tangawizi na mahamri, akaniuliza habari za wote, hata za yule muuzaji wa tagi mwenye viatu vya kung'aa. Nikamweleza habari ya kile kifaa.

"Kwa hivyo sasa mwatembea tu?"

"Tunatembea tu."

"Hakuna kuinama?"

"Hakuna, mama."

Alimimina chai nyingine ingawa kikombe changu hakikuwa kimeisha. "Kutembea ningeweza," akasema.

Tulikunywa. Nje giza lilikuwa linaingia, na mimi, unanijua sasa, nilikuwa nimeanza kuisikia nyumba yangu ikiniita, kile kiti, ule mlango unaokwaruza. Nikasimama, nikavaa koti, nikashukuru. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniwekea kiganja begani kama alivyokuwa akiyawekea magunia. Nikangoja ataje namba. Hakutaja. Aliuacha mkono pale tu.

"Kumbe kwenu si mbali," akasema. "Ungekaa kidogo."

Nikavua koti tena.